Kuizeesha picha safi ya dijitali: giza la pembe, chembe za filamu na weusi uliofifia

Shangazi yangu ana picha ya rangi ya mwaka 1978 aliyopigwa kwenye ngazi za Maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda, hapa Nairobi. Amesimama kando ya mmoja wa wale simba wawili wa mawe, gauni la maua, kibeti mkononi, na nyuma yake mlango wa maktaba ukiwa giza. Alipotimiza miaka 70 alitaka apigwe tena palepale, kisha picha mbili ziwekwe kwenye fremu moja. Nikampiga kwa simu Jumapili asubuhi, kabla mji haujachangamka. Picha ikatoka safi kupindukia: kila mshono wa lesso unahesabika, mlango mweusi tii, anga laini kama plastiki. Nikaziweka sambamba mezani, akazitazama, akasema, "Mwanangu, hii yako ni kama ya kitambulisho."

Hapo ndipo kazi ilipoanzia. Nitaeleza nilivyoifanya kwa GIMP, programu ya bure inayofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Mfano wote ni picha hiyo moja.

Kwa nini mpangilio ndio kila kitu

Nilikosea mara ya kwanza, na kosa lenyewe linafundisha. Nilianza na kufifisha weusi kwa sababu ndiyo hatua nyepesi: unashika mkunjo, ule mstari wa `Curves` unaopanga giza na mwanga wa picha, unainua ncha ya chini, giza linageuka kijivu. Kisha nikaongeza giza la pembeni, lile wapigapicha wanaloliita vinyeti. Mwisho nikanyunyiza chembe. Kwa mbali picha ilikuwa nzuri, lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Nilipopima, nikakuta pembe za picha ni nyeusi kuliko mlango, na ndani ya mlango uliofifia mna vidoti vyeusi kama pilipili manga kwenye wali. Katika picha ya karatasi jambo hilo haliwezekani. Karatasi ikishafifia imefifia yote. Haina weusi mwingine iliouficha pembeni.

Ukifikiria safari ya nuru katika kamera ya zamani, utaratibu unajipanga wenyewe. Nuru inapita kwanza kwenye lenzi, na lenzi ndiyo inayotia giza pembeni. Inafika kwenye filamu, na filamu ndiyo yenye chembe. Mwisho filamu inasafishwa, picha inachapwa kwenye karatasi, na karatasi ndiyo inayochakaa ndani ya albamu mpaka weusi wake unapauka. Kwa hiyo: giza la pembe, kisha chembe, kisha kufifisha. Programu nyingi za simu hazikuonyeshi mpangilio huu, na ndiyo sababu picha nyingi "za kizamani" mtandaoni zinaonekana za kubandikwa.

Kabla ya yote: soma picha ya zamani ya kweli

Kama una picha ya zamani nyumbani, usianze kwa kubahatisha namba. Iweke kwenye skana, uzime marekebisho yoyote ya rangi ya skana yenyewe, kisha uifungue kwenye GIMP. Bonyeza herufi O kupata `Color Picker`. Kwenye chaguo zake weka tiki kwenye `Sample average` ili isome wastani wa eneo dogo badala ya pikseli moja, na kwenye `Use info window` ili uone namba. Gusa sehemu nyeusi kuliko zote, halafu nyeupe kuliko zote.

Mlango wa maktaba kwenye picha ya Shangazi ulisoma 46 kwa nyekundu, 31 kwa kijani, 29 kwa buluu. Weusi halisi ungekuwa 0, 0, 0, na weupe halisi 255, 255, 255. Ukingo mweupe wa karatasi ulisoma 240, 229, 206. Namba hizo zina maana. Picha za rangi za miaka ya 1970 zimejengwa kwa wino za aina tatu: sayani, majenta na njano. Zikikaa gizani kwenye droo au albamu, sayani ya karatasi nyingi za wakati ule ndiyo iliyokuwa dhaifu zaidi. Sayani ndiyo inayomeza nuru nyekundu, kwa hiyo ikipungua, nyekundu inajitokeza hata kwenye weusi. Ndiyo maana albamu nyingi za nyumbani kwetu zina ule wekundu kama vumbi la Ukambani. Ukingo nao umekuwa na umanjano, kwa hiyo buluu yake imeanguka kuliko rangi nyingine.

Ziandike namba hizo sita kwenye karatasi. Tutazihitaji mwisho. Kama huna picha ya zamani, weusi wa 34, 30, 36 na weupe wa 246, 242, 230 ni mwanzo mzuri wa picha isiyozeeka sana.

Kata, pima, lainisha

Picha ya simu ilikuwa na pikseli 4000 kwa 3000. Fremu ya filamu ya milimita 35 ni milimita 36 kwa 24, yaani uwiano wa 3:2, na jicho linaujua uwiano huo hata kama mwenye jicho haujui. Chukua `Crop`, weka `Fixed` kwenye `Aspect ratio`, andika 3:2, ukate. Ni lazima ukate sasa. Ukikata baada ya kutia giza la pembe, kitovu cha giza hakitakuwa tena katikati.

Kisha nenda `Image > Scale Image` na uifikishe picha kwenye ukubwa wake wa mwisho. Nilitaka kuchapa inchi 12 kwa 8, na kwa pikseli 300 kwa inchi hiyo ni 3600 kwa 2400. Watu wengi huiacha hatua hii mwisho, halafu wanashangaa chembe zimeenda wapi. Kupunguza picha ni kuchanganya pikseli jirani kuwa moja. Ukitoka upana wa 6000 hadi 1500, pikseli 16 zinakuwa 1, na vidoti vya nasibu vilivyokuwa juu na chini vinafutana mpaka nguvu yake inabaki karibu robo. Chembe hutiwa kwenye ukubwa ambao picha itatazamwa, si kabla.

Jambo la mwisho kabla ya lenzi ni makali. Simu inanoa kingo sana, na ukitazama kwa karibu utaona mstari mwembamba mweupe ukizunguka bega la mtu aliyesimama mbele ya mlango wa giza. Chembe hazifichi mstari huo. `Filters > Blur > Gaussian Blur`, weka 0.7 kwenye `Size X` na `Size Y`. Inatosha. Utaona kama umeharibu picha, lakini ngoja: chembe zitakuja kurudisha hisia ya makali, kwa sababu jicho linaposhika vidoti vidogo huamini kwamba na picha yenyewe ni kali.

Lenzi: giza la pembe

Tengeneza tabaka jipya: `Layer > New Layer`, kwenye `Fill with` chagua `White`, kisha ulipe jina "lenzi". Kwenye orodha ya `Mode` chagua `Multiply`. Tabaka jeupe kwenye `Multiply` halibadilishi chochote, lakini kila penye kijivu patatia giza picha iliyo chini yake. Sasa nenda `Filters > Light and Shadow > Vignette`. Weka `Softness` kwenye 1.0 na `Radius` karibu 1.3. `Proportion` ishushe kuelekea 0, kwa sababu lenzi ni duara na giza lake ni duara. Ukiiacha juu utapata umbo la yai linalofuata fremu, ambalo ni dalili ya kwanza ya giza la programu.

Litakuwa giza la kutisha. Usihangaike, litapunguzwa kwa `Opacity` ya tabaka. Swali ni kiasi gani. Nuru inayoingia kwenye lenzi ya kawaida kwa pembe hupungua kadiri inavyoenda mbali na katikati, na kwa pembe ya nyuzi 30 hesabu ya kitabuni inasema inabaki takriban asilimia 56. Kwa namba za kwenye skrini hiyo ni kama kuzidisha kwa 0.77. Kwa hiyo anga ya pembeni iliyokuwa ikisoma 200 inapaswa kusoma kama 154.

Pima badala ya kukisia. Kwenye `Color Picker` weka tiki `Sample merged` ili isome matabaka yote kwa pamoja, gusa anga kwenye pembe kabisa, shusha `Opacity` mpaka namba ikae pale. Usinakili namba ya `Opacity` yangu, maana inategemea toleo lako la GIMP na jinsi linavyochanganya matabaka. Kwangu anga ya pembe ya kushoto ilitoka 204 ikafika 158, nikaacha hapo.

Namba hiyo itakuonekea ndogo. Tumezoea giza la mtandaoni ambalo linameza nusu ya fremu kana kwamba mtu anachungulia kwenye bomba. Kipimo changu ni hiki: zima na uwashe jicho la tabaka. Likizimwa unapaswa kuhisi kitu kimeondoka. Likiwashwa usiweze kuonyesha kwa kidole giza linaanzia wapi. Ukiweza kuonyesha, limezidi.

Kwenye anga safi utaona pengine mistari hafifu kama pete, ngazi za rangi ambazo faili la kawaida la biti 8 haliwezi kuzilainisha. Ziache. Hatua inayofuata inazifuta.

Filamu: chembe

Hapa ndipo pa kukaa. Chembe za filamu si uchafu uliotupwa juu ya picha; ndizo picha yenyewe. Katika filamu nyeusi na nyeupe ni vishada vya fedha iliyosafishwa, na katika filamu ya rangi ni mawingu madogo ya wino yaliyobaki pale fedha ilipokuwa. Filamu ya kasi ya 400 ina chembe kubwa kuliko ya 100 kwa sababu fuwele kubwa hudaka nuru kwa urahisi. Kutokana na hayo tunapata mambo matatu: chembe zina ukubwa unaozidi pikseli moja, zinaonekana zaidi kwenye rangi za kati, na hazibadilishi mwanga wa jumla wa picha.

Weka rangi ya mbele kuwa `808080`, kijivu cha katikati hasa. Tengeneza tabaka jipya juu ya "lenzi", kwenye `Fill with` chagua `Foreground color`, lipe jina "chembe". Kwenye `Mode` chagua `Grain merge`. Mtindo huu ulitengenezwa kwa kazi hii hii: kila penye 128 hakubadiliki kitu, penye zaidi kunaongezwa, penye pungufu kunapunguzwa. Picha yako inapaswa kubaki vilevile kabisa. Ikibadilika, umekosea kijivu.

Sasa `Filters > Noise > RGB Noise`. Toa tiki kwenye `Independent RGB`, la sivyo utapata vidoti vyekundu na vya kijani, ambavyo ni sura ya simu ya bei nafuu usiku, si ya filamu. Toa tiki kwenye `Linear RGB` pia. Acha `Gaussian distribution`. Weka 0.50 kwenye rangi zote tatu. Skrini itajaa mchanga. Ni sawa.

Mchanga huo ni wa pikseli mojamoja, na hapo watu wengi huishia. Pikseli moja kwenye chapa ya 300 kwa inchi ni milimita 0.085, kitu ambacho jicho la kawaida haliwezi kukiona vizuri kwa umbali wa kushika picha mkononi. Kwa hiyo chembe zako zitaonekana kwenye skrini na kupotea kwenye karatasi. Zikuze: kwenye tabaka hilihili la chembe, `Gaussian Blur` tena, safari hii 1.2. Vidoti vitaungana kuwa vishada vidogo visivyolingana, na papo hapo utaona vinafanana na filamu. Kwa picha ya kutazamwa kwenye simu tu, yenye upana wa 1600 hivi, tumia 0.6.

Kulainisha huko kuna hila moja. Kunaweza kuinua wastani wa tabaka juu ya 128, na picha nzima ikapata mwanga kidogo bila wewe kujua. Fungua `Windows > Dockable Dialogs > Histogram`, hakikisha tabaka la chembe ndilo lililochaguliwa, usome `Mean`. Ikiwa imehama kwa zaidi ya 2 au 3, tumia `Colors > Curves` kwenye tabaka hilo, sukuma nukta ya katikati mpaka `Mean` irudi karibu na 128.

Baki sasa na suala la wapi chembe zionekane. Kwenye filamu, anga ya kijivu, ngozi na ukuta ndizo zinazoonyesha chembe. Weupe mkali na weusi kamili hauzionyeshi sana. Tutafanya hivyo kwa barakoa ya tabaka, yaani picha ya kijivu inayoamua tabaka lionekane wapi na kwa kiasi gani, na hatua zake ziko hivi. Zima jicho la tabaka la chembe. Nenda `Edit > Copy Visible`. Washa jicho tena. Bonyeza tabaka la chembe kwa kitufe cha kulia, `Add Layer Mask`, chagua `White (full opacity)`. Gusa kile kijipicha cheupe cha barakoa ili ndicho kiwe kimechaguliwa, bonyeza Ctrl+V, kisha Ctrl+H ili kilichobandikwa kikae. Sasa barakoa yako ni nakala ya kijivu ya picha. Ukiwa bado juu yake, fungua `Colors > Curves` na uunde mlima: ncha ya kushoto iwe kwenye 90, ya kulia kwenye 60, na nukta ya katikati, `Input` 128, iwe `Output` 255. Chembe zitajaa kwenye rangi za kati na kupungua kuelekea ncha zote mbili.

Kuza picha hadi asilimia 100 uchague `Opacity`. Mimi nilianza na 70 nikaishia 55. Kuna mahali pawili pa kuamulia. Kwanza ni shavu la mtu: chembe zikianza kufanana na vipele, zimezidi. Pili ni anga, ambako zile pete za giza la pembe zinapaswa kuwa zimetoweka. Kama bado unaziona, chembe ni chache mno. Nguzo za maktaba zilinifurahisha kuliko kitu kingine, maana jiwe lile la kijivu chenye joto linapopata chembe linaacha kuwa rangi iliyopakwa na linarudi kuwa jiwe.

Karatasi: weusi uliofifia

Nenda `Layer > New from Visible`. Unapata tabaka moja juu lenye kila kitu kilichofanyika. Liite "karatasi". Ukiwa na GIMP 3.0, iliyotoka mwaka 2025, unaweza kuweka mikunjo bila kugusa pikseli, lakini njia hii ya tabaka inafanya kazi kwenye matoleo yote.

Fanya mikunjo mara mbili, usichanganye. Mara ya kwanza fungua `Colors > Curves`, kaa kwenye `Value`, ncha mbili usiziguse. Weka nukta ya `Input` 64 kwenye `Output` 54, na nyingine ya 192 kwenye 198. Picha inapata nguvu kidogo. Hii ni akiba, kwa sababu hatua inayofuata itapunguza tofauti ya giza na mwanga kwa karibu robo, na bila akiba hii picha ingekuwa kama inaonekana kupitia moshi. Ndiyo tofauti kati ya picha iliyozeeka na picha iliyopauka tu.

Bonyeza OK, kisha fungua `Curves` upya. Sasa acha `Value`, ingia kwenye rangi mojamoja na uhamishe ncha tu, kwa zile namba tulizoandika. `Red`: ncha ya chini `Output` 46, ya juu 240. `Green`: 31 na 229. `Blue`: 29 na 206. Mlango ukageuka mara moja kuwa ule weusi wa kahawa ninaoujua kutoka kwenye albamu, na lesso nyeupe ikapata rangi ya maziwa. Kama faili lako ni la biti 16, GIMP itakuonyesha mikunjo kwa asilimia badala ya 255. Gawanya namba kwa 2.55.

Angalia histogramu ukiwa kwenye tabaka hili, ukichagua `Red`. Kushoto kabisa panapaswa kuwa patupu hadi 46, kisha mlima uanze ghafla kama ukuta. Ukiona vidoti chini ya 46, kuna kitu umekiongeza baada ya karatasi. Ile pilipili manga ya jaribio langu la kwanza ingejionyesha hapo.

Kwa picha nyeusi na nyeupe, pitisha `Colors > Desaturate > Desaturate` kwenye picha ya msingi kabla ya yote, na kwenye hatua hii tumia namba zinazokaribiana kwa rangi zote tatu. Mengine hayabadiliki.

Hifadhi kwanza kama XCF, faili la GIMP lenyewe, matabaka yakiwa yote. Kisha `File > Export As`, JPEG, ubora 92 au zaidi. Chembe ndizo adui mkubwa wa ubanaji wa JPEG. Ukishuka hadi 75 zinageuka vimiraba. Faili litanenepa. Langu lilizidi mara mbili ya lile safi, na hakuna ujanja wa kulikwepa hilo. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, si kama picha, la sivyo kazi yote ya chembe inaliwa njiani.

Mwenye simu pekee atapata `Vignette`, chembe za filamu na `Curves` ndani ya programu ya Snapseed. Azitumie kwa mpangilio huohuo, `Curves` ikiwa ya mwisho. Hatapata barakoa ya chembe inayofuata mwanga wa picha kama hii yetu, ila kosa la pembe kuwa nyeusi kuliko mlango atalikwepa.

Dukani

Nilipeleka faili kwenye duka la kuchapa karibu na River Road. Kijana wa mashine akalitazama kwenye skrini, akaniambia, "Boss, hii iko na vumbi, na rangi imepotea. Nikusafishie?" Nikamwambia aache hivyo. Jioni nikachukua picha: mlango mweusi tii, lesso nyeupe pe, wekundu umetoweka. Hakuwa amegusa kitu. Mashine za kuchapa zina marekebisho ya kiotomatiki. Zikikuta picha isiyo na weusi kamili wala weupe kamili, zinadhani ni kosa na kuzivuta ncha mpaka mwisho. Yaani zinatengua hasa ile hatua ya karatasi.

Dawa ni mbili, na ninatumia zote. Ya kwanza ni kusema waziwazi kabla ya kulipa: "Chapa bila kurekebisha rangi." Ya pili ni kuongeza ukingo mweupe kamili kuzunguka picha kwa `Image > Canvas Size`, na ndani ya ukingo huo mraba mdogo mweusi kamili, mahali patakapokatwa au kufichwa na fremu. Mashine ikiona 0 na 255 tayari zipo, haina cha kuvuta. Chapa ya pili ilitoka kama ilivyo kwenye skrini.

Nikaweka picha mbili kwenye fremu, nikampelekea Shangazi mtaani Umoja. Akaishika kwenye mwanga wa dirisha kwa muda, akageuza kidogo kukwepa mng'ao wa kioo. "Haya," akasema, "lakini mbona mimi wa juzi ndiye naonekana wa zamani kumshinda yule wa kibeti?" Alikuwa sahihi. Mlango wangu ulikuwa na namba zilezile za mlango wa 1978, ila yeye juzi alisimama karibu nao zaidi, kwa hiyo weusi uliofifia ulichukua sehemu kubwa ya fremu. Nilifungua XCF usiku ule, nikashusha `Opacity` ya tabaka la karatasi kutoka 100 hadi 70. Mlango ukapata kina, wekundu ukapoa kidogo. Mraba wa ukingoni niliuacha palepale, nikarudi River Road kuchapa mara ya tatu.